Barua kwa meneja wa benki: nianze na uwiano au mtiririko wa fedha?

Mwaloni_Nyavu: Wakuu, nina duka la nyavu, kamba na taa za kuvulia dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Naomba benki milioni 15 za miezi 12 niongeze mzigo. Afisa mikopo kaniambia niambatanishe barua kwa meneja wa tawi, nieleze hesabu zangu. Nimeandika mbili, nashindwa kuchagua.

Ya kwanza inaanza: "Mali zangu za muda mfupi ni milioni 30, na wasambazaji wananidai milioni 12, yaani uwiano wa 2.5." Kwenye hizo 30, stoku ni 18, nawadai wateja 9, taslimu 3.

Ya pili inaanza: "Kwa mwezi nauza milioni 24. Nikitoa bei ya kununulia mzigo, gharama za duka na matumizi ya nyumbani, nabaki na 2.2. Rejesho mlilonikadiria ni 1.4."

Dogo_Igoma: Peleka ya kwanza. Tulifundishwa chuoni kwamba 2 inatosha, wewe una 2.5. Meneja hana muda wa kusoma habari za mauzo.

MamaNyakato: Mdogo wangu, benki za nini? Mimi duka langu la vyakula nimelikuza kwa mkopo wa kikundi. Tunadhaminiana, tunarejesha kila wiki, hakuna cha barua.

Mwaloni_Nyavu: Asante dada, ila kikundi chetu hakifiki milioni 15.

Bwiru_Mstaafu: Nimekaa dawati la mikopo muda mrefu, nakushauri ya pili. Ile 2.5 ni ya leo, kabla ya mkopo. Meneja ataongeza 15 pande zote mbili, maana deni lote linaisha ndani ya mwaka: 45 kwa 27, inashuka hadi 1.67. Akitoa stoku, zinabaki milioni 12 za kukabili deni la 27. Kwa duka la nyavu si ajabu, lakini usiifanye ndiyo salamu yako. Iweke chini, na uandike mwenyewe hiyo ya baada ya mkopo.

Kinacholipa rejesho ni ile 2.2. Gawa kwa 1.4, unapata karibu 1.6, inaridhisha. Shida ni kwamba hiyo ni wastani. Giza na mbalamwezi unauzaje?

Mwaloni_Nyavu: Kwenye giza zinaingia kama 19. Mbalamwezi mitumbwi ya dagaa ikipaki, napata 5 tu. Halafu wengi wanachukua nyavu kwa mali kauli, wanalipa dagaa wakishakauka na kuuzwa.

Dogo_Igoma: Basi omba tarehe ya rejesho iwe mara tu giza linapoisha. Imeisha hiyo.

Bwiru_Mstaafu: Itakufaa miezi ya mwanzo. Mwezi wa angani ni siku 29 na nusu, kwa hiyo kila giza linawahi kidogo kwenye kalenda, na mwaka ukiisha limewahi siku kama 11. Pesa itaingia mapema, nawe utashawishika kununulia mzigo kabla tarehe haijafika. Kwenye barua panga mapato kwa giza badala ya mwezi wa kalenda, na sema 1.4 inatengwa kabla ya kuagiza mzigo mpya.

Kitu cha pili, mwambie mauzo yakishuka itakuwaje. Faida yako ghafi ni kama 20 kwa 100, na duka na nyumba vinakula 2.6. Ukiuza milioni 20, faida ni 4, unabaki na 1.4, rejesho tupu. Chini ya hapo unadaiwa. Mvua zikikolea dagaa hawakauki vizuri, bei inaanguka, na wavuvi wanachelewa kukulipa. Meneja wa Mwanza analijua hilo, afadhali alisome kwako.

Na hizo 24, zote zinapita kwenye akaunti?

Mwaloni_Nyavu: Zinapita kama 11. Nyingine ni lipa namba na taslimu, zinaenda moja kwa moja kwa msambazaji.

Bwiru_Mstaafu: Basi bila ushahidi atahesabu 11, na barua nzima inaanguka. Ambatanisha taarifa ya lipa namba ya miezi 6, daftari la mauzo na risiti za wasambazaji. Anza leo kuweka taslimu benki, hata kama utazitoa kesho yake.

Kisiwani_Ukerewe: Kwa biashara ya giza mimi ningeomba ovadrafti. Riba unalipa kwa ulichotumia tu.

Bwiru_Mstaafu: Ni kweli, ila ovadrafti wanaangalia mzunguko wa akaunti, na wake ni 11. Labda mwakani.

Mwaloni_Nyavu: Nimewaelewa. Lakini kwenye zile 9 ninazowadai wateja, 4 zimepitisha miezi mitatu. Nazo niseme?

Dogo_Igoma: Usijichongee! Hajauliza.

Bwiru_Mstaafu: Ataomba orodha ya wadaiwa yenye tarehe. Ziweke kando, usizihesabu kama mali.

MamaNyakato: Hizo 4 zifuate kwanza huko visiwani, uombe 11 badala ya 15.

Mwaloni_Nyavu: Wawili walishahamia mwalo mwingine, dada. Nyavu zangu wameondoka nazo.