Mjadala: Seti danganyifu ibaki kuwa kipimo cha otomata isiyobainifu?

Kisiki: Wakuu, darasani kwetu ukitaka kuthibitisha kwamba otomata isiyobainifu, yaani mashine ya kusoma maneno inayoruhusiwa kubahatisha njia, haiwezi kupungua chini ya idadi fulani ya hali, unaambiwa utafute seti danganyifu: jozi za vichwa na mikia ya maneno ambazo haziwezi kushiriki hali moja. Wapo wanaosema mbinu hii ni dhaifu na ifutwe kwenye mtaala. Nyie mnasemaje?

Fundi Herufi: Ya nini kuhangaika? Chukua maneno ya a na b ambayo herufi ya 3 kutoka mwisho ni a. Vipande 8 vya herufi tatu vyote vinatofautishika: kwa kila viwili upo mkia unaokubalika na kimoja na kukataliwa na kingine. Basi, hali 8.

Bi Zuhura: Ndugu yangu, hizo 8 ni za otomata bainifu, isiyobahatisha. Isiyobainifu inamaliza kazi kwa 4: inajizungusha mwanzoni, ikikutana na a inabahatisha kwamba ndiyo yenyewe, kisha inasoma herufi mbili na kuishia hapo. Swali ni kama 3 zingetosha. Tazama seti danganyifu hii ya jozi za kichwa na mkia, ε ikiwa neno tupu:

```
(ε, abb)  (a, bb)  (ab, b)  (abb, ε)
```

Kila jozi ukiiunganisha unapata abb, neno linalokubalika. Otomata ikiwa na hali 3, lazima jozi mbili zipite kwenye hali moja pale zinapokatwa. Zikikutana hapo, mikia yao inaweza kubadilishana na otomata isijue. Lakini ε na bb ni bb tu, fupi mno. ab na bb ni abbb, na herufi ya 3 kutoka mwisho ni b. Kagua zilizobaki, kila jozi mbili zina mabadilishano yanayokataliwa. Kwa hiyo 3 haziwezekani.

Fundi Herufi: Subiri dada. Chukua a na mkia abb: aabb. Hiyo inakubalika! Jozi yako ya kwanza imekufa.

Bi Zuhura: Haijafa. Jozi mbili zikishiriki hali, mabadilishano *yote mawili* lazima yakubalike, kwa hiyo moja likikataliwa limenitosha. Hiyo ndiyo sharti la Birget la 1992. Unalolidai wewe ni sharti kali la Glaister na Shallit la 1996, linalotaka yote mawili yakataliwe. Kwa sharti hilo jozi ya kwanza inatoka kweli, zinabaki tatu.

Mpiga Fomu: Mimi nina otomata ya kukagua namba kwenye fomu, ina hali 31. Nimetafuta nikapata jozi 12. Ina maana naweza kuipunguza hadi 12?

Bi Zuhura: Hapana kaka. Umejua tu kwamba haitashuka chini ya 12. Jibu liko popote kati ya 12 na 31, na jozi hazikuonyeshi otomata ndogo inajengwaje.

Mzee Kalamu: Na hapo ndipo wanaotaka ifutwe wana hoja, maana pengo laweza kuwa kubwa kuliko mnavyodhani. Chukua maneno ya biti 40: nusu ya kwanza x, ya pili y. Zidisha biti kwa biti, jumlisha, na ukubali neno kama jumla ni witiri. Chora jedwali: safu ni x, nguzo ni y, weka 1 panapokubalika. Kwa hesabu ya mod 2, safu zote za jedwali hilo zinajengwa na safu 20 tu za msingi. Sasa chukua seti danganyifu ya jozi k zilizokatwa katikati, toa kijedwali chake, kizidishe kisanduku kwa kisanduku na nakala yake iliyopinduliwa, safu zikiwa nguzo. Nje ya ulalo zinabaki sifuri tupu, na kwenye ulalo 1 mara k. Cheo cha zao hilo, yaani idadi ya safu zake za msingi, hakiwezi kuzidi 20×20, kwa hiyo k haipiti 400. Kukata pengine hakuokoi: ukijumlisha mikato yote 41 hufiki hata 20,000.

Kisiki: Na otomata yenyewe ina hali ngapi?

Mzee Kalamu: Angalau 1,048,575. Kila hali ya katikati inafunika mstatili wa 1: vichwa vyote vinavyofika hapo, mara mikia yote inayokubaliwa kuanzia hapo. Mstatili wa 1 tupu hapa hauzidi visanduku 2^19, na jedwali lina 1 zipatazo (2^20−1)·2^19. Gawanya mwenyewe.

Fundi Herufi: Basi tufundishwe mistatili, hizi jozi ziende zao!

Bi Zuhura: Kwa lugha uliyoanza nayo wewe, jozi nne zimemaliza kazi mistari mitano. Mwanafunzi ahesabu mistatili ya nini?

Mzee Kalamu: Na mistatili nayo si mwisho wa yote, Fundi. Zipo lugha ambazo hata yenyewe inakuachia pengo kubwa chini ya otomata halisi. Ukiitupa seti danganyifu kwa kosa hilo, utaitupa na hiyo.

Mpiga Fomu: Sasa mimi na 31 zangu nianzie wapi?