Naomba ushauri: jenerike ya kipindi chetu imeuzwa kwa duka

Wapendwa, natayarisha kipindi cha asubuhi kwenye redio ndogo hapa Bukavu. Miaka minne iliyopita mpiga gitaa alitutungia jenerike ya sekunde 30, yaani muziki wa kufungulia kipindi, tukamlipa dola 80 mkononi, bila karatasi (kosa letu). Sasa ameiuza kwa duka la simu iwe tangazo. Tulijaribu muziki mwingine wiki moja. Mama wa soko la Kadutu wakapiga simu kuuliza kama kipindi kimekufa, maana wao huongeza sauti wakisikia gitaa, kabla hata jina halijatajwa. Kurekodi upya melodia ileile hakutuokoi, utunzi unabaki wake. Mkataba wa kutumia peke yetu uandikwe vipi, na tuanzie SOCODA, shirika la haki za watunzi, au kwake?