Naomba ushauri: kifungu cha kubadilika kwa dola kwenye kotesheni, mnunuzi anasita

Habari zenu wakuu. Nakusanya parachichi aina ya Hass hapa Tukuyu, Rungwe. Wakulima na wachumaji nawalipa shilingi taslimu, mnunuzi wa Uholanzi ananilipa dola siku 45 baada ya kupakia. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipopanda thamani, niliumia: dola zilikuja zile zile, shilingi zikapungua.

Sasa nimeandika kifungu. Bei dola 1.80 kwa kilo, kwa dola moja shilingi 2,600, kiwango cha kati cha Benki Kuu siku ya kotesheni. Kikisogea juu au chini kwa kiasi kisichozidi asilimia 3, bei haiguswi. Kikizidi, inarekebishwa ile asilimia 70 tu ya bei, ambayo ni gharama zangu za shilingi. Meli na maboksi nalipa kwa dola, hayo hayarekebishwi:

```
1.80 × (0.3 + 0.7 × 2600 / kiwango kipya)
```

Dola ikishuka hadi 2,450, analipa 1.88. Ikipanda hadi 2,750, analipa 1.73, yaani yeye ndiye anayefaidika. Nimemwandikia mifano yote miwili, bado anajibu kwamba ni ujanja wa kupandisha bei. Namwelewa, naye ameshaahidi bei kwa supamaketi zake.

Kiwango kipya nichukue cha siku ya kupakia au ya malipo? Naona ya kupakia, maana ndipo nimeshawalipa wakulima, lakini zile siku 45 zinabaki mzigo wangu. Na je, nimwekee kikomo, kwamba bei haitapanda zaidi ya asilimia 5, ndipo atulie?