Barua ya maelezo imerudishwa mara tatu kisa "kwa sababu", halafu risala wakaijaza "kutokana na" mpaka nikakosa pumzi

Wakuu habari za jioni. Nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo huku upande wa Isyonje, tuko watu 34. Msimu uliopita tulikopeshwa mbolea na ofisi moja, jina siweki. Mkataba unasema mifuko 120 itufikie kabla ya tarehe 20 Novemba. Ikaja tarehe 17 Desemba, mvua zishakolea, watu washapanda bila mbolea, siku ya kuvuna unafukua shina unakuta viazi kama kete za bao. Marejesho lazima yachelewe hapo. Tukaambiwa tuandike maelezo.

Nikaandika hivi: "Tumechelewesha marejesho kwa sababu mbolea ilitufikia tarehe 17 Desemba badala ya tarehe 20 Novemba." Sentensi moja, kila kitu kimo. Ikarudi ina kalamu nyekundu, "kwa sababu" imepigwa mstari na pembeni wameandika "lugha ya mtaani". Nikaweka "kwa vile", ikarudi. Nikaweka "maana", hiyo ndo nilikosea nakubali, ikarudi. Kila kurudi ni nauli ya kushuka mjini na siku nzima ya shamba imepotea. Mara ya tatu afisa akavuta karatasi akaniandikia mwenyewe: "Marejesho yamechelewa kutokana na kuchelewa kupokea mbolea." Nilikuwa nimechoka nikasaini.

Wiki mbili baadaye ikaja barua: "Kwa kuwa kikundi kimekiri kuchelewa kupokea mbolea, riba ya ucheleweshaji itatozwa kama ilivyo kwenye mkataba." Wanachama wananiuliza katibu ulikiri nini? Sijakiri kitu mimi! Hao ndo waliochelewa kuleta!

Haijaisha. Mwezi huohuo tukawa na mgeni rasmi kwenye kata, mimi ndo msoma risala, afisa yuleyule akaomba "aipitie". Nilikuwa nimeandika: "Mgeni rasmi, viazi vyetu vinaozea shambani, maana gari kubwa halifiki. Halifiki kwa sababu daraja limekatika tangu masika." Akanirudishia: "Kutokana na ubovu wa miundombinu ya barabara, na kutokana na kukosekana kwa daraja la uhakika, na kutokana na kupanda kwa gharama za usafirishaji, kikundi kimekuwa kikikabiliwa na upotevu wa mazao. Kwani barabara ni mbovu." Nilisoma ile ya kwanza nikaishiwa pumzi katikati, bibi mmoja mbele nikamsikia anamuuliza mwenzie "anasemaje?" Nilipofika kwenye "Kwani barabara ni mbovu" vijana wa nyuma wakajibu kwa sauti "kwani hujui?" na mkutano mzima ukacheka, na daraja likapita hivyohivyo bila mtu kulisikia. Tulisubiri ile siku miezi minne.

Naomba anayejua anijibu, nani alisema "kwa sababu" siyo rasmi?

---

Kijana wa Tukuyu: Pole mkuu ila afisa hajakosea sana. Ofisini ni "kutokana na", ndo tulivyofundishwa. "Kwa sababu" ni ya kuongea. Na "kwa ajili ya" usiiguse kabisa kwenye sababu, ile ni ya lengo tu, pesa kwa ajili ya mbegu basi.

Mama Mbegu: Hiyo mbolea ilikuwa ya kupandia au ya kukuzia? Maana kama ni ya kukuzia Desemba bado ilikuwa inafaa. Sisi Igawilo mwaka juzi tuliletewa ya kukuzia wakati wa kupanda, tukaandika barua, mpaka leo kimya.

Mleta uzi: Ya kupandia mama. Ila mimi nauliza maneno ya barua.

Mbeya Mjini: Unaongelea bikozi na dyu tu za Kiingereza? Mimi nilifundishwa dyu tu ndo ya kiofisi, bikozi ya kitoto. Afisa atakuwa anatafsiri kichwani.

Karani Mstaafu: Habari zenu. Nimepiga chapa barua na hukumu miaka mingi, nasema ninachokijua.

Mbeya Mjini, hata kwenye Kiingereza chenyewe si hivyo. Bikozi inabeba sentensi nzima, yenye mtendaji na kitenzi chake, na imejaa kwenye hukumu na sheria. Dyu tu na owingi tu zinabeba jina. Wale wakali wa sarufi wa zamani walitaka dyu tu ikae baada ya jina au baada ya "ni", ugonjwa ni dyu tu maji machafu, na owingi tu ndiyo ieleze tendo zima. Siku hizi wengi wanazichanganya na hakuna anayewarudishia barua. Nayo sinsi kwao ni sababu na pia ni wakati, sisi tuna "kwa kuwa" na "tangu", kila moja na kazi yake. Kwa hiyo urasmi wa neno hauko pale afisa alipoupeleka.

Sasa turudi kwako katibu. "Kwa sababu" ni neno la kila mahali, baruani, mahakamani, sokoni. Kosa lako la kwanza halikuwepo. Kilichokuumiza ni kile "kutokana na kuchelewa kupokea". Neno "kutokana na" halibebi sentensi kamili, huwezi kusema kutokana na mbolea ilichelewa. Linataka jina la kitu au tendo lililogeuzwa jina. Tendo likigeuzwa jina, mtendaji anadondoka. Kuchelewa kupokea, nani kachelewa? Sentensi inaanza na "marejesho", na marejesho hayapokei mbolea. Msomaji anapanda juu kutafuta nani anaongea, anakuta kikundi, anawabandika nyie. Afisa hakuhitaji kusema uongo, sarufi imemfanyia kazi.

Kijana wa Tukuyu: Kwa hiyo "kutokana na" isitumike?

Karani Mstaafu: Itumike, ila mtendaji umrudishe. "Kutokana na kuchelewa kwa mbolea", hapo kilichochelewa kinaonekana ila aliyechelewesha bado kajificha. "Kutokana na ofisi kuchelewa kuleta mbolea", hapo yupo waziwazi. Ukiona barua yoyote ina "kutokana na ku-", uliza nani. Usipopata jibu ndani ya sentensi ileile, usisaini.

Na ile barua ya riba itazame tena. Imeanza na "kwa kuwa". Hili neno mara nyingi linakaa mbele na linabeba jambo kama vile limeshakubalika, halafu uamuzi unafuata. Katiba yetu ya 1977 utangulizi wake umeanza na KWA KUWA, ikafuata NA KWA KUWA, mpaka KWA HIYO BASI. Ndiyo namna ya maazimio na hukumu. "Kwa sababu" ni kama inajibu aliyeuliza kwa nini, na aliyeuliza anaweza bado kubisha. Wewe ukiandika barua kulalamikia kiwango cha riba utakuwa umekubali lile la mbele. Bishia pale kwenye "kwa kuwa kikundi kimekiri".

Mleta uzi: Mzee nimekaa kimya dakika nzima hapa. Na mimi nilikuwa natunga barua ya kuomba wapunguze riba!

Kijana wa Tukuyu: Sawa hiyo nimekubali. Ila "kwa ajili ya" ni lengo tu, hapo sitoki.

Karani Mstaafu: Wewe unasali wapi kijana? "Heri wenye kuudhiwa kwa ajili ya haki, maana ufalme wa mbinguni ni wao." Kuudhiwa siyo lengo la mtu, hapo ni sababu. Kwenye barua ya ofisini nakuunga mkono, iache kwa lengo tu, kwa kuwa ukiandika "tumepata hasara kwa ajili ya mbolea" mtu anaweza asikuelewe. Ila kusema ni kosa siku zote, hapana.

Na tazama hapohapo "maana" inavyofanya kazi. Karibu kila heri ina "maana" yake, fupi, inakuja baada ya jambo lenyewe, sikio linashika. Ndiyo maana ile risala ya mwanzo ya katibu ilikuwa nzuri. Msikilizaji hawezi kurudi juu ya ukurasa. Ukimpa "kutokana na" tatu mfululizo anabeba ubovu, kukosekana, kupanda, vyote mkononi, anasubiri kitenzi ambacho hakiji. Mpe jambo kwanza, viazi vinaoza, halafu sababu. "Kutokana na" moja kwenye risala haina shida.

Mama Mbegu: Na ile "kwani"? Mimi mbona kwenye ripoti ya kikundi naiandika kila siku.

Karani Mstaafu: Kwenye karatasi andika, katikati ya sentensi baada ya mkato: hatukuuza, kwani gari halikufika. Ila ukianza nayo sentensi mdomoni, mtu anasikia swali, kwani vipi, kwani we nani. Vijana wa nyuma walijibu walichosikia, hawakukudharau.

Mbeya Mjini: Mzee unaongea vizuri ila hujui ofisi za sasa. Mimi niko kwenye ofisi ya namna hiyo, barua ikiwa na "kwa sababu" bosi anairudisha bila kusoma. Kuwa sahihi hakusaidii kama barua haipokelewi.

Karani Mstaafu: Ndiyo maana nimesema "kutokana na ofisi kuchelewa". Neno analolitaka bosi lipo, na mtendaji yupo.

Mbeya Mjini: Ataona neno "ofisi" atairudisha kwa hilo.

Mleta uzi: Basi nimeandika hivi, niambieni: "Kutokana na mbolea kuletwa na ofisi yenu tarehe 17 Desemba, siku 27 baada ya tarehe ya mwisho ya mkataba, kikundi kilipanda bila mbolea na kimechelewesha marejesho. Kikundi hakijakiri kuchelewa kupokea mbolea, kwa sababu hakuna siku kilipoitwa kuchukua kikakosa kufika." Hiyo "kwa sababu" ya mwisho naiacha makusudi, siitoi tena. Naambatisha nakala ya mkataba na hati ya kupokelea mizigo yenye tarehe.

Karani Mstaafu: Imekaa sawa. Kwenye hati hakikisha sahihi ya dereva inaonekana. Ila ile karatasi uliyosaini bado wanayo, na hapo sikudanganyi, maneno mazuri hayaifuti. Uliza kama unaweza kuandika ya kuifafanua kwa kutaja tarehe yake.

Mama Mbegu: Katibu, na mwenyekiti asaini pamoja na wewe safari hii.

Mleta uzi: Atasaini. Jumatatu nashuka na gari la kwanza la viazi. Ndaga mzee.