Tupeane uzoefu: gari inatulia vizuri, ukiwasha AC tu inatetemeka au inazima

Mzee wa Foleni: Wakuu, naanza na yangu. Nina IST ya zamani, ile yenye waya wa eksileta. Asubuhi nikitoka nyumbani na AC hakuna shida. Nikifika kwenye foleni Tazara, injini ishapata moto, gari inaanza kutetemeka kama ina homa. Sailensi bila AC iko 700. Nikibonyeza AC nasikia "tak", mshale unaanguka mpaka kama 450, unajikongoja kurudi 600, unaanguka tena. Nikiwa kwenye D nimekanyaga breki, inazima kabisa. Siku moja imezima mara tatu kabla ya taa ya kijani, bodaboda wananipigia honi kama nimewaibia.

Fundi wa kwanza kabadilisha plagi. Wa pili kasema pampu ya mafuta, nikanunua. Hakuna kilichobadilika. Wa tatu hakugusa chochote kwanza, aliuliza tu: "Ikiwa ya baridi inazima?" Nikamwambia hapana. Akafungua bomba la hewa, akanionyesha throto bodi. Pembeni ya kile kisahani cha ndani kulikuwa na masizi meusi yamegandamana kama ukoko wa sufuria. Kaifungua, kaisafisha pamoja na valvu ya sailensi iliyo chini yake, kafunga na gasketi mpya. Sasa nikiwasha AC mshale unashtuka kidogo, halafu unapanda 850 na kukaa hapo. Elfu 40 kazi yote. Ile pampu ilinitoka laki na ushee.

Nani mwingine limemkuta?

Bibie wa Tegeta: Mimi yangu ni Vitz, nikiwasha AC inatoa upepo wa kawaida tu, haipoi. Nisafishe throto?

Fundi Gereji ya Mwembeni: Hapana dada, hiyo yako ni mada nyingine. Anza na gesi na uangalie kama kompresa inanasa. Throto haipozi hewa.

Kwa mwenye mada, huyo fundi wa tatu aliuliza swali sahihi, na ningependa watu waelewe kwa nini. Kwenye sailensi mguu wako hauko kwenye eksileta, kisahani kimefungwa karibu chote. Injini inapumua kupitia upenyo mdogo pembeni yake na njia ya valvu. Masizi yakiziba upenyo, kontroli boksi inafungua valvu zaidi kufidia, kwa hiyo huoni kitu, 700 inabaki 700. Lakini akiba imeliwa. Ukibonyeza AC, ombi linafika kontroli boksi, inatakiwa iongeze hewa ili injini iweze kubeba kompresa inaponasa. Inakuta valvu ishafunguka karibu mwisho, au imenata haisogei. Mzigo umekuja, pumzi haikuja.

Asubuhi injini ya baridi inajiweka yenyewe 1200 au zaidi, ndiyo maana inabeba AC bila kulalamika. Na ukiwa barabarani mguu wako ndio unafungua hewa. Kwa hiyo ugonjwa unaonekana pale tu injini ina moto na gari imesimama.

Dogo Spana: Mnajisumbua. Kuna skrubu pale kwenye throto, unaikaza kidogo sailensi inapanda 1000, AC haizimi gari tena. Nimefanya kwenye Carina yangu, dakika mbili, bure.

Fundi Gereji ya Mwembeni: Haizimi, kweli. Lakini ukiweka D kutoka N gari haikurupuki?

Dogo Spana: Inakurupuka kidogo. Nimezoea.

Fundi Gereji ya Mwembeni: Ndiyo bei yake hiyo, pamoja na mafuta unayochoma kwenye foleni hata AC ikiwa imezimwa. Na siku valvu ikija kusafishwa, sailensi itapanda mno kwa sababu skrubu ishapotoshwa. Fundi atakayekuja atahangaika bila kujua nani aliichokonoa.

Dogo Spana: Kaka, nimeshaendesha mwaka mzima hivyo. Tusitishane.

Mwalimu wa Moro: Yangu ilikuwa tofauti na wote. RPM haishuki kabisa nikiwasha AC, mshale umetulia tuli, ila usukani na dashibodi vinatetemeka mpaka miwani inacheza. Nilisafishiwa throto mara mbili bure. Kumbe ni maunti ya injini, mpira umekatika. AC iliongeza mtikisiko kidogo tu, maunti ikashindwa kuumeza. Angalieni mshale kwanza kabla ya kulipa mtu.

X-Trail Mteswa: Wenye Nissan kuweni makini. Baada ya kusafisha, yangu ikakaa 1500 bila kushuka. Fundi akasema throto imekufa, ninunue nyingine. Mwingine akachomeka mashine, akaifundisha upya sailensi, ikashuka pale pale. Na mafundi wanaosukuma kile kisahani kwa kidole wakati swichi iko on, wakatazeni. Za umeme zina motaa na gia ndogo ndani.

Mama Noah: Naomba msaada, yangu bado haijapona. Noah, throto imesafishwa, plagi mpya, maunti nzima. Nikiwasha AC ikiwa na moto inazima. Hata ya baridi inayumba.

Fundi Gereji ya Mwembeni: Mama, hiyo ya kuyumba hata ikiwa baridi inanifanya nishuku mzigo wenyewe. Fanya hivi: zima gari, chomoa soketi ya waya unaokwenda kwenye klachi ya kompresa, washa, iache ipate moto, bonyeza AC. Kompresa haitanasa. Kama RPM inapanda, maana yake hewa inaongezwa vizuri, na tatizo liko upande wa mzigo. Isipopanda, rudi kwenye valvu. Kuna Toyota ambazo taa ya AC itaanza kumweka baada ya sekunde chache, usiogope, inaona kompresa haizunguki.

Mama Noah: Mwanangu kafanya. Imepanda mpaka 900. Taa haikumweka.

Fundi Gereji ya Mwembeni: Vizuri. Sasa rudisha soketi, washa AC, mtu aangalie feni za mbele. Zisipozunguka, presha ya gesi inapanda sana na kompresa inakuwa nzito. Gesi iliyojazwa kupita kiasi hufanya hivyo hivyo. Umejaza karibuni?

Mama Noah: Feni zote mbili zinazunguka. Gesi haijaguswa tangu ninunue. Mkanda haulii. Ila taa za dashibodi zinafifia nikiwasha AC.

Dogo Spana: Altaneta hiyo. Badilisha.

Fundi Gereji ya Mwembeni: Subiri kwanza. Una mita?

Mama Noah: Nimeazima ya jirani. AC ikiwa imezimwa betri inasoma 13.9. Nikiwasha ikashuka 12.3, gari ikazima kabla sijasoma vizuri.

Dogo Spana: Si nilisema?

Fundi Gereji ya Mwembeni: Haijathibitika. Injini ikikaribia kuzima altaneta nayo inazunguka taratibu, lazima volti zianguke. Hatujui nani kamvuta mwenzake. Mwanao akanyage eksileta aishikilie 1500, ndipo uwashe AC na usome. Zikibaki juu ya 13.5 muache altaneta, tuangalie kompresa yenyewe na presha zake kwa geji. Zikianguka hata hapo, Dogo atakuwa amepatia.

Mama Noah: Jirani kashachukua mita yake kaenda nayo Kibaha. Mpaka Jumamosi.