Nimeacha kazi, wateja wangu bado wako kwenye kampuni, lakini kamisheni yao naambiwa niirudishe

Ndugu wanajukwaa, nimejizuia kwa siku nne kabla ya kuandika uzi huu, kwa sababu nilitaka nieleze jambo lenyewe na si hasira zangu peke yake. Nilikuwa mwajiriwa wa kitengo cha mauzo katika kampuni inayouza huduma kwa mikataba ya miezi 24, ambapo mteja hulipa kila mwezi. Muuzaji hupewa kamisheni yake yote kwa mkupuo mara tu mteja anapofanya malipo ya kwanza. Mkataba wangu wa ajira una kifungu kinachosema kwamba mteja akivunja mkataba ndani ya miezi 12 ya mwanzo, kampuni inaweza kudai kamisheni irejeshwe. Kifungu hicho nilikisoma na nikatia saini, wala sikilalamikii.

Ninacholalamikia ni namna kilivyotumika. Nilitoa taarifa ya mwezi mmoja, nikakabidhi vifaa, na wateja wangu wote wakahamishiwa kwa mwenzangu wiki ile ile. Malipo yangu ya mwisho yalicheleweshwa wiki sita, na hati ya malipo ilipofika, mstari wa chini kabisa ulisomeka sifuri. Chini yake kulikuwa na barua inayonitaka nilipe salio. Nitatumia tarakimu nilizozirahisisha, bila kutaja sarafu, lakini uwiano ni ule ule: wateja watano wamefutwa, kila mmoja alinipatia kamisheni ya 1,200, kwa hiyo nadaiwa 6,000. Mshahara wangu wa mwisho pamoja na siku za likizo ambazo sikuzichukua ulikuwa 4,100 baada ya kodi. Wameuchukua wote, na sasa wanadai 1,900 zaidi.

Nilikuwa karibu kukubali yaishe, mpaka mmoja wa wateja hao watano aliponiandikia kuniuliza kwa nini ametakiwa kutia saini mkataba mpya ilhali huduma ni ile ile, bei ni ile ile, na hajawahi kuchelewesha malipo hata mara moja. Aliambiwa kwamba makaratasi yanabadilishwa kwa kuwa msimamizi wa akaunti yake amebadilika. Nikawauliza wengine wawili ninaofahamiana nao, nao wakanieleza hayo hayo: mkataba wa zamani ulifungwa siku ya mwisho ya mwezi, mpya ukaanza siku iliyofuata, chini ya jina la mwenzangu. Yaani kampuni haikupoteza mteja wala malipo ya mwezi hata mmoja. Kilichopotea ni kamisheni yangu tu, na mtu mwingine amelipwa kamisheni ya mauzo niliyoyafanya mimi.

Wawili waliobaki waliondoka kweli. Mmoja alilipa miezi 3 akaacha, mwingine alilipa miezi 9. Huyo wa miezi 9 aliondoka kwa sababu tawi lake la pili, ambalo lilikuwa ndani ya mkataba, halikuwahi kuunganishwa licha ya barua zote nilizoiandikia idara ya ufundi. Hata hivyo nimekatwa 1,200 kamili kwa kila mmoja, kana kwamba aliyelipa miezi 9 ni sawa na ambaye hakulipa chochote.

Nimeandika barua mbili. Jibu pekee nililopata ni kwamba mfumo hukokotoa wenyewe. Naomba ushauri wa mtu anayeifahamu kazi hii.

Mwandamo
Pole sana, ndugu. Kwa ninavyofahamu, ukishaacha kazi hawana tena haki ya kukudai, kwa kuwa mkataba wa ajira umekwisha na masharti yake yamekwisha nao. Usilipe hiyo 1,900, na udai 4,100 yako yote.

Mzee wa Hesabu
Nimefanya kazi ya kukokotoa kamisheni na mishahara kwa miaka mingi, na naomba nimsahihishe Mwandamo kidogo kabla mleta uzi hajafuata ushauri huo kama ulivyo. Kuondoka kazini hakufuti deni ambalo mkataba wenyewe umesema litaendelea baada ya kuondoka, kwa hiyo asome kama kifungu kinawataja waliokwisha kuondoka au kinazungumzia waliomo tu. Ila Mwandamo yuko sahihi katika jambo moja: kuwa na haki ya kudai si sawa na kuwa na ruhusa ya kukata mshahara wa mwisho mpaka ubaki sifuri. Nchi nyingi huweka mipaka kwenye makato ya mshahara na kutaka kibali cha maandishi cha mfanyakazi, na siku za likizo zina kinga yake katika baadhi ya sheria. Hilo aliulize kwenye ofisi ya kazi ya mahali alipo.

Sasa nije kwenye wale watatu, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Mchezo huo naufahamu. Mfumo wa kamisheni hautambui mteja, unatambua namba ya mkataba. Namba ya zamani ikiwekwa alama ya kufutwa, makato huanza yenyewe. Namba mpya ikifunguliwa, mfumo huihesabu kuwa ni mauzo mapya, huilipia kamisheni na kuiongeza kwenye malengo ya mwezi ya kitengo. Mara nyingine hakuna aliyekusudia ubaya, ni karani tu aliyeona kufungua mkataba mpya ni rahisi kuliko kubadilisha jina la msimamizi. Mara nyingine imekusudiwa kabisa. Kwa vyovyote vile, alama zake ni zile zile: namba ya mteja haibadiliki, anwani ya huduma haibadiliki, tarehe ya kufunga na ya kufungua zinafuatana, na mteja hakurudishiwa fedha wala hakukosa huduma hata siku moja. Omba kwa maandishi taarifa ya kamisheni ya mkataba mmoja mmoja, ikionyesha tarehe ya kufutwa, sababu iliyoandikwa ya kufutwa, na malipo yote yaliyopokelewa kutoka kwa mteja huyo mpaka leo. Wakikunyima hiyo ya mwisho, utakuwa umejua wanachokificha.

Bi Tumaini
Nami yalinikuta. Nililipiwa mafunzo ya miezi mitatu, nikaondoka kabla ya miaka miwili, wakanidai gharama yote. Nililipa kwa awamu. Je, mleta uzi, mafunzo yako waliyahesabu kwa kiwango gani?

Mleta uzi
Dada Tumaini, pole kwa yaliyokupata, lakini mimi sidaiwi mafunzo. Nadaiwa kamisheni ya wateja ambao watatu kati yao wanaendelea kulipa hadi leo.

Kiongozi wa Kikosi
Naomba mnisikilize hata kama hamtapenda. Nimesimamia wauzaji, na kifungu hiki hakikuletwa kwa uonevu. Nimewahi kuwa na muuzaji aliyesajili ndugu zake, akawalipia mwezi wa kwanza kutoka mfukoni mwake, akachukua kamisheni, akaacha kazi, na mikataba yote ikafa mwezi uliofuata. Bila kifungu cha kurejesha, mauzo hewa hayazuiliki. Kuhusu mteja aliyeondoka kwa sababu tawi halikuunganishwa, muuzaji ndiye anayeahidi, na wakati mwingine huahidi kisichowezekana. Kampuni ijuaje?

Mleta uzi
Mkuu, sikuahidi kwa mdomo. Tawi hilo limeandikwa kwenye fomu ya agizo, ambayo idara ya ufundi iliikagua na kuidhinisha kabla mteja hajatia saini. Huyo mwizi wa mauzo hewa unayemsema, mimi mwenyewe ningemkata. Lakini nieleze kwa nini wateja watatu waliodumu wahesabiwe pamoja naye.

Kiongozi wa Kikosi
Hao watatu sina la kuwatetea. Kwenye kikosi changu, mkataba uliobadilishwa makaratasi ulibaki kwa muuzaji wa kwanza.

Mzee wa Hesabu
Kuna mambo mawili yamebaki. La kwanza ni uwiano. Kamisheni iliyolipwa mbele kwa sharti la miezi 12 kwa kawaida huhesabiwa kuwa inastahiliwa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa hesabu hiyo, aliyelipa miezi 3 ameacha miezi 9, nawe unadaiwa 900. Aliyelipa miezi 9 ameacha miezi 3, unadaiwa 300. Jumla ni 1,200, si 6,000. Lakini uangalie maneno ya kifungu chako: kikisema kamisheni yote, utakuwa na kazi ngumu zaidi, kikisema tu kamisheni bila kufafanua, dai uwiano, kwa maana utata wa maneno hauwezi kumfaidi aliyeyaandika peke yake. Kama kosa la ufundi linamwondolea muuzaji deni, hilo sithubutu kukuahidi, nimeona likiamuliwa pande zote mbili.

La pili wengi hawalioni. Ulipopokea zile 1,200, ulikatwa kodi. Tuseme ilikuwa asilimia 25, basi mkononi ulipata 900. Sasa tazama hati yako ya malipo ya mwisho: makato yamewekwa juu ya mstari wa kodi au chini yake? Yakiwa juu, pato lako linapungua, na kodi inapungua nalo. Yakiwa chini, unarudisha 1,200 kwa fedha ambayo ulipokea 900, na ile 300 imekaa kwa mamlaka ya kodi kwa jina lako.

Mleta uzi
Nimeifungua sasa hivi. Kodi imekatwa kwanza, ikabaki 4,100, kisha ndipo makato yakaja. Mikono inanitetemeka, maana hakuna hata mtu mmoja aliyenieleza hili.

Mzee wa Hesabu
Basi hilo liwe aya ya kwanza ya barua yako, kwa sababu halina ubishi wa kifungu. Waambie warekebishe hati, na usikubali ahadi ya mdomo tu kwamba kodi itarekebishwa, kwani mwaka wa kodi ukishafungwa urekebishaji huwa mzito na taratibu hutofautiana kwa kila nchi. Jambo jingine: ujumbe ulioandikiwa na mteja kwa hiari yake unaweza kuutumia, lakini usichukue orodha yoyote kutoka kwenye mfumo wa kampuni, na usiendelee kuwapigia wateja, usije ukawapa sababu ya kukushtaki kwa kifungu kingine.

Mwandamo
Nakubali nimesahihishwa. Lakini hiyo 1,900 asilipe kwanza, au nimekosea tena?

Mzee wa Hesabu
Hapo hujakosea. Asilipe, ila asikae kimya. Aandike kwamba anaipinga, akieleza ni kiasi gani anakiri na kiasi gani anakipinga, kwa maana barua ya madai isiyojibiwa inaweza kuja kusomwa baadaye kama iliyokubaliwa.

Mleta uzi
Nimeandika barua usiku huu. Nimekiri 900 ya mteja wa miezi 3, irekebishwe kwa upande wa kodi. Ile 300 ya mteja wa tawi nimeipinga na nimeambatisha fomu ya agizo yenye saini ya ufundi. Kwa wale watatu nimeomba taarifa ya malipo yao mkataba kwa mkataba, na nimetoa siku 14. Kesho naipeleka kwa mkono, na nitataka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakijibu nitaleta jibu hapa.