Skripti ya katuni isiyo na maneno: upweke wa bibi niuonyesheje?

PwaniChora (Bagamoyo): Wakuu habari za jioni. Naandika skripti ya katuni ya dakika 4 isiyo na mazungumzo, ina milio ya kawaida tu. Bibi anashona kofia za viua barazani, Mji Mkongwe. Macho yamechoka, kwa hiyo mjukuu ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano. Mtoto anaondoka kwenda shule ya bweni, na hapo ndipo nimekwama. Nimeandika: "Bibi amekaa barazani. Anamkumbuka mjukuu, anajisikia mpweke." Mwenzangu anayechora kaniuliza, "Sasa hapo nichore nini?" Sikuwa na jibu.

Kidau: Chozi, mkuu. Picha ya karibu ya uso, chozi lishuke polepole, kazi imeisha. Na ukurasa mmoja ni dakika moja, kwa hiyo usizidishe kurasa 4.

MamaZuu: Hongera kwa kuwafikiria viziwi. Usisahau mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya skrini.

PwaniChora: Ahsante dada, ila hii hata mkalimani hana cha kutafsiri, hakuna anayesema.

Fundi_wa_Raskazone (Tanga): Uzi kuhusu uzi, haya.

Mwenzako kauliza swali la haki. "Anamkumbuka" halichoreki, na chozi la Kidau linachoreka lakini linasema "huzuni" tu. Halisemi huzuni ya nini. Dawa unayo tayari: ile sindano.

Mwanzoni tuonyeshe mazoea yao. Uzi unaisha, bibi bila kuinua macho ananyoosha sindano na uzi kulia kwake. Mtoto anapokea, analowesha ncha ya uzi mdomoni, anatunga, anarudisha. Rudia mara ya pili, haraka zaidi. Mtoto akishaondoka, andika hivi:

*Bibi anashona. Uzi unaisha. Macho yakiwa kwenye kofia, ananyoosha sindano na uzi kulia. Mkono unabaki hewani. Uzi unapeperuka. Bibi anageuka. Mkeka mtupu. Anaurudisha mkono mapajani.*

Hapo kila sentensi ni mchoro. Ukiruka ile mara ya pili, mtazamaji hatajua kuwa ni mazoea, na mkono hautamuuma.

Hesabu ya ukurasa kwa dakika inafaa zaidi skripti yenye mazungumzo. Mistari yangu hiyo inaweza kula sekunde 15 au 40. Shika saa, uigize mwenyewe kwenye kiti. Mkono hewani nauona sekunde 3. Kwa fremu 24 kwa sekunde hizo ni fremu 72, na kama kila mchoro unakaa fremu mbili, ni michoro 36. Msiseme "si kasimama tu" mkaweka mchoro mmoja, mtu atadhani video imeganda. Uzi uendelee kucheza na upepo, bibi apepese macho mara moja.

Kidau: Sawa, lakini akigeuka lazima tuuone uso. Bila uso hakuna hisia.

Fundi_wa_Raskazone: Uso uwepo, ila mtulivu. Kuna jaribio linalosimuliwa la Mrusi Kuleshov: uso uleule wa mwigizaji uliunganishwa na picha ya bakuli la supu, kisha jeneza, na watu wakasoma njaa, kisha majonzi. Mkeka mtupu ndio utakaoujaza uso wa bibi. Ukimkunja sura unawafanyia watazamaji kazi yao.

Kidau: Jeneza lina nguvu kuliko mkeka, kaka. Mimi sijakubali.

MamaZuu: Kumbe nilielewa vibaya. Basi mimi nashona kweli. Uzi ukigoma kuingia tunauelekeza kwenye mwanga, jicho moja tunalifumba. Bibi yako akibaki peke yake atafanya hivyo, na atakosa tundu mara tatu nne.

PwaniChora: Mama, hiyo naichukua nzima!

Mrejesho baada ya siku mbili. Tumechora picha 11 kwa penseli, nikamwonyesha shemeji bila kumwambia kitu. Nikamuuliza, "Nini kimetokea?" Akajibu, "Bibi anaomba hela."

Fundi_wa_Raskazone: Hahaha! Kiganja kilikuwa wazi, kimeangalia juu?

PwaniChora: Ndiyo. Na sindano haikuonekana kabisa.

Fundi_wa_Raskazone: Basi skripti iseme: "vidole viwili vimebana sindano, kiganja kimeangalia chini, uzi mwekundu unaning'inia mbele ya ukuta mweupe." Jaza mkono wote wino mweusi. Kama bado unasomeka kuwa umeshika kitu, umepona. Kisha tafuta mtu mwingine, shemeji ameshaharibika.

PwaniChora: Nimemwonyesha jirani. Safari hii kasema, "Amesahau kuwa mtoto hayupo." Sasa tunabishana mwisho: bibi afanikiwe kutunga uzi mwenyewe, au mtoto wa jirani aje kukaa mkekani?

MamaZuu: Atunge mwenyewe.

Kidau: Mtoto aje. Na chozi liwepo.